Uwiano wetu ni 2.80 na kikomo ni 3.25: kuna kingine cha kuangalia kabla ya kusaini cheti cha benki?

#1 Daftari_Wazi

Habari za kazi wakuu. Naomba macho ya waliowahi kushika mikataba ya mikopo ya biashara.

Mimi ni mhasibu mkuu wa kiwanda cha vifungashio, ukubwa wa kati. Tuna mkopo wa muda mrefu na ovadrafti kwenye benki moja, vyote chini ya mkataba mmoja uliosainiwa 2021. Mkataba una vipimo viwili, na kila robo mwaka inapoisha tunapimwa kwa miezi 12 iliyopita. Deni halisi lisizidi mara 3.25 ya faida ya uendeshaji, na faida hiyo isipungue mara 2.5 ya gharama za riba. Ndani ya siku 45 tangu robo iishe tunapeleka hesabu za ndani pamoja na cheti cha kuthibitisha kama vipimo vimetimizwa, kilichosainiwa na wakurugenzi wawili. Hesabu zilizokaguliwa zina siku 120 tangu mwaka uishe.

Nafasi hii nimeipokea karibuni kwa mwenzangu aliyehama. Robo iliisha 30 Septemba. Hesabu zangu ni hizi, zote kwa mamilioni: mkopo 620, ovadrafti 90, fedha benki 150, kwa hiyo deni halisi 560. Faida ya uendeshaji, yaani kabla ya riba, kodi na uchakavu, ni 200. Unapata 2.80. Riba ni 68, unapata 2.94. Kote tuko ndani.

Mkurugenzi wa fedha anataka cheti mezani kwake Ijumaa asaini. Kabla sijampelekea, kuna kitu kingine cha kulinganisha na mkataba?

#2 Rejesho_Kwanza

Mkuu, hapo huna shida. Mimi nina mkopo wa biashara mwaka wa nne sasa, na kitu benki wanachoangalia ni rejesho limeingia tarehe yake au halijaingia. Lipa kwa wakati, hizo karatasi nyingine watazipanga kwenye faili na maisha yataendelea. Kama umechelewa rejesho useme, tukushauri namna ya kuomba kupangiwa upya.

#3 Kalamu_Nyekundu

Daftari, usimpelekee bado.

Nimekaa miaka mingi upande wa benki, kitengo cha mikopo ya makampuni, na hesabu kama yako nimeziona zikirudi na wino mwekundu. Kugawanya umegawanya sawasawa. Ila namba zako zimetoka kwenye leja, na sharti halisomi leja. Linasoma kamusi yake lenyewe. Fungua sehemu ya tafsiri ya maneno, kwa kawaida iko mwanzoni mwa mkataba au mwanzoni mwa kifungu cha masharti ya kifedha. Tafuta maneno "Deni", "Fedha Taslimu" na "Faida ya Uendeshaji", kila yanapoanza kwa herufi kubwa. Hayo ndiyo unayopimwa nayo.

Nisaidie mambo machache. Hiyo 150 iko kwenye akaunti zipi, na kuna yoyote iliyoshikwa na mtu? Mna majengo au mashine za kupanga? Wanahisa wamewahi kuikopesha kampuni? Na hiyo 200 imefikaje 200: kuna kitu ulichoongeza kwa mkono, au mapato yaliyoingia mara moja tu?

Rejesho_Kwanza, kwa mkopo mdogo wa mtu mmoja huenda uko sahihi, kwa sababu mingi haina vipimo hivi. Kwenye mkataba wa aina hii kampuni inaweza kulipa kila rejesho mapema na bado ikahesabika imekiuka, kwa uwiano peke yake. Na mara nyingi ukiukaji wa uwiano hauna siku za kujirekebisha, tofauti na kuchelewesha taarifa.

#4 Daftari_Wazi

Asante sana mkuu. Nimefungua mkataba, nanukuu kwa ufupi.

Fedha: 110 ziko kwenye akaunti za kawaida. 40 ziko kwenye akaunti ya akiba ya marejesho, ile tuliyotakiwa kuiweka kama kinga, na hatuwezi kuigusa bila ridhaa ya benki.

Deni: tafsiri inajumuisha "wajibu wowote chini ya mkataba wa upangaji unaoonekana kama deni kwenye mizania". Tunapanga ghala na foroko mbili za kuinulia mizigo, na kwenye mizania ya mwaka deni lake ni 55. Mkopo wa wanahisa upo, 60, ila umetolewa wazi kwenye tafsiri kwa kuwa kuna hati ya wanahisa kukubali kulipwa baada ya benki. Hati nimeiona, imesainiwa.

Faida: leja inasema 188. Niliongeza 12, malipo ya kupunguza wafanyakazi ya Februari, kwa kuwa hayajirudii. Ndiyo 200. Ndani ya 188 kuna 18 ya kuuza kiwanja cha zamani. Na hesabu za ndani bado zinaandika pango la ghala na foroko kama gharama ya kawaida, 16 kwa mwaka. Marekebisho ya upangaji hufanywa mwisho wa mwaka tu, wakaguzi wanapokuja.

Mkataba unasema faida ya kuuza mali za kudumu itolewe. Gharama zisizojirudia zinaweza kurudishwa "kwa kiwango kisichozidi asilimia 5 ya Faida ya Uendeshaji kabla ya marekebisho hayo".

#5 Mizania_Safi

Basi jibu liko wazi na ni baya. Deni ni 620, 90 na 55, jumla 765. Toa 110, inabaki 655. Faida ni 188 toa 18, yaani 170. Asilimia 5 ya 170 ni 8.5, hivyo 178.5. Gawanya, unapata 3.67. Mmevuka kwa mbali. Upangaji ndio uliowamaliza. Tangu kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 16 kilipoanza kutumika Januari 2019, kampuni nyingi zenye majengo ya kupanga zimeongezewa deni.

#6 Kalamu_Nyekundu

Mizania, upande wa deni uko sahihi, na umefanya vema kuikata ile nyongeza. Lakini upangaji umeuweka upande mmoja tu wa mlinganyo.

Ukiuhesabu kuwa deni, pango haliwezi tena kukaa juu ya faida kama gharama ya uendeshaji. Kwa kiwango hichohicho ulichokitaja, pango linageuka kuwa uchakavu wa haki ya kutumia mali na riba ya deni la upangaji, na vyote viwili vinakuja chini ya faida hii. Kwa hiyo ile 16 inarudi juu. Ukiiacha unamwadhibu mkopaji mara mbili kwa ghala moja. Hesabu inakuwa hivi:

```
Deni halisi = 620 + 90 + 55 - 110 = 655
Faida       = 188 - 18 + 16       = 186
Nyongeza    = 5% x 186            = 9.3
Uwiano      = 655 / 195.3         = 3.35
```

Bado mmevuka, ila si kwa ukubwa ule. Na huo umbali ni muhimu, kwa sababu benki inayoona 3.67 inaweza kuanza kuzungumza kuongezewa dhamana, na inayoona 3.35 kwa kawaida inauliza mna mpango gani.

Watu wengi huulaumu upangaji, kwa hiyo jaribu na upande wa pili. Uondoe kote kuwili, deni libaki 600 na faida 178.5. Unapata 3.36. Yaani kwa kampuni hii upangaji hausaidii wala hauumizi. Kilichobadilisha picha ni vitu vitatu vidogo: kiwanja 18, kikomo cha nyongeza, na ile 40 iliyofungwa. Kila kimoja peke yake mngekibeba, vilipokutana mkavuka.

Kipimo cha pili usikisahau. Riba 68 ongeza riba iliyo ndani ya upangaji. Kama ni kama 6 hivi, 195.3 kwa 74 ni 2.64. Mko ndani, lakini faida ikishuka hadi 185 mko ukingoni.

#7 Daftari_Wazi

Riba ya upangaji ni 6 kweli, nimeikuta kwenye majedwali ya wakaguzi. Nimerudia hesabu yote kwenye eksel na nimepata 3.35 hiyohiyo.

Nimempelekea mkurugenzi wa fedha. Anasema tusiwe na haraka. Tuna 110 za kuchezea, tulipe ovadrafti yote 90 wiki hii, deni lishuke, kisha tusaini cheti tukiwa ndani. Siku 45 hazijaisha. Nimjibuje? Ni mtu mzima na ana uzoefu, sitaki nimwendee mikono mitupu.

#8 Bi_Leja

Mwanangu, hapo pa kupanga fedha karibu na tarehe nina la kusema, maana nilikuwapo kampuni ilipojaribu.

Pale nilipokuwa nafanya kazi, uongozi uliona uwiano unabana. Wakaagiza wauzaji wa malighafi wasilipwe mwezi wote wa mwisho wa robo, fedha zijae benki, deni halisi lionekane dogo. Robo ya kwanza ilipita. Robo iliyofuata ikabidi kuwachelewesha zaidi ili kufidia, na ya tatu zaidi. Mkataba wetu ulikuwa na mstari mmoja ndani ya tafsiri ya Deni: ankara za wauzaji zilizopitisha siku 90 tangu tarehe ya kulipwa zinahesabiwa kuwa deni. Benki iliomba orodha ya wadai kwa umri wa ankara, na kwa siku moja deni likapanda kwa kila ankara tuliyoificha. Kibaya zaidi, wauzaji wawili walikuwa wameanza kudai fedha taslimu kabla ya kushusha mzigo.

Angalia mstari huo kama upo kwenye mkataba wako.

#9 Kalamu_Nyekundu

Bi Leja, shikamoo, na asante. Mstari huo upo kwenye mikataba mingi na huwa umejificha katikati ya aya ndefu.

Daftari, kwa mkurugenzi una majibu mawili. La kwanza ni la tarehe. Kipimo ni cha 30 Septemba. Siku 45 ni za kuandika kilichokuwapo siku hiyo, hazikupewa kwa ajili ya kukibadilisha. Malipo ya Novemba yataonekana kwenye kipimo cha 31 Desemba.

La pili ni la hesabu, na nadhani litamgusa zaidi kwa kuwa anazijua namba. Hata kama mngelipa ovadrafti tarehe 29 Septemba, uwiano usingesogea. Deni lingeshuka kwa 90 na fedha zingeshuka kwa 90, na fedha hizo tayari mlishazitoa kwenye deni. Deni halisi lingebaki 655. Katika kipimo cha aina hii, kulipa deni kwa fedha zilizokwisha kuhesabiwa hakufanyi kitu. Kinachosogeza ni fedha mpya kuingia kutoka kwenye biashara au kwa wanahisa, au kutumia fedha ambazo hazikuhesabiwa, kama ile 40, kwa ridhaa ya benki.

Sasa saa. Watu hudhani kuna tarehe moja tu, ya cheti. Hesabu: Oktoba ina siku 31, kwa hiyo siku ya 45 ni 14 Novemba, na mwaka huu inaangukia Jumamosi. Usitegemee Jumatatu. Kifungu cha siku za kazi mara nyingi kinasogeza malipo tu, hakigusi taarifa. Soma chako. Kama hakitaji taarifa, cheti kiwe kimepokelewa Ijumaa tarehe 13, na uwe na ushahidi wa kupokelewa.

Lakini kuna saa nyingine iliyokwisha kuanza. Tafuta kifungu cha kutoa taarifa ya ukiukaji. Karibu kila mkataba unasema mkopaji ataiarifu benki mara tu anapofahamu. Hausemi atakapowasilisha cheti. Kampuni yenu imefahamu leo, pale ulipomtumia mkurugenzi karatasi ya 3.35. Na kila mnapochota ovadrafti mnakuwa mmerudia kutamka kwamba hakuna ukiukaji. Chukua uchotaji huo kwa uzito wake, maana tamko la uongo ni ukiukaji wa peke yake, na benki huusamehe kwa shida kuliko uwiano.

#10 Mizania_Safi

Nakubali hiyo ya upangaji kuhesabiwa pande zote mbili. Nina swali lakini. Mkataba ni wa 2021, kiwango namba 16 tayari kilikuwa kazini. Kama ungekuwa wa 2017, wenye kifungu cha kuendelea kutumia kanuni za uhasibu za siku ya kusaini, si upangaji wa ghala ungekuwa nje kabisa?

#11 Kalamu_Nyekundu

Ndiyo, ungekuwa nje pande zote mbili. Na mkopaji angelazimika kuambatisha kila robo jedwali linalotoka kwenye hesabu zake za sasa kurudi kwenye kanuni za zamani. Jedwali hilo wengi hulisahau, na kutolipeleka ni kuchelewesha taarifa, hata kama cheti chenyewe kimefika.

#12 Wakili_Kando

Nimesoma uzi wote. Kabla hamjaandika 3.35 kwenye barua yoyote, naomba Daftari anukuu tafsiri ya Fedha Taslimu neno kwa neno. Nina sababu.

#13 Daftari_Wazi

Hii hapa: "Fedha iliyo kwenye akaunti kwa jina la Mkopaji, isiyo chini ya dhamana yoyote isipokuwa dhamana iliyotolewa chini ya Hati za Mkopo, na inayopatikana kwa uhuru na mara moja kutumika kulipa Mkopo."

#14 Wakili_Kando

Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Akaunti ya akiba imewekwa dhamana kwa benki yenyewe, chini ya hati zilezile za mkopo. Kwa hiyo haiangushwi na sehemu ya kwanza ya tafsiri, imesamehewa kwa maneno. Kinachobishaniwa ni sehemu ya mwisho. Je, "inapatikana kwa uhuru na mara moja kutumika kulipa Mkopo"? Upande mmoja unasema hapana, kwa sababu mkopaji haigusi bila ridhaa. Upande mwingine unasema akaunti hiyo ipo kwa kazi moja tu, kulipa mkopo huu, na anayeishikilia ni huyohuyo anayelipwa.

Tazama inavyobadili matokeo. Ukiihesabu 40, deni halisi ni 615. Gawanya kwa 195.3, unapata 3.15. Mko ndani.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kampuni haijui kwa uhakika kama imekiuka, na barua inayokiri ukiukaji haifutiki kwa urahisi.

#15 Kalamu_Nyekundu

Wakili, hoja ni ya kweli na nimeona mabenki yakigawanyika juu yake. Msimamo wangu bado ni kwamba fedha inayohitaji ridhaa si huru. Mkopaji akitaka kuitumia leo kulipa rejesho la kawaida, ataambiwa asubiri. Lakini kuna mahali pa kuangalia kabla ya kubishana: kiambatisho chenye mfano wa cheti, na vyeti vya robo zilizopita. Daftari, mtangulizi wako aliihesabu au aliiacha?

#16 Daftari_Wazi

Mfano wa cheti una mstari mmoja tu, "Fedha Taslimu", bila maelezo. Vyeti vilivyopita nimevikuta vyote. Vya mwanzo vimeiacha akiba nje. Viwili vya mwisho vimeihesabu ndani. Hakuna maandishi yanayoeleza kwa nini kulibadilika, na benki haikuuliza.

#17 Wakili_Kando

Benki kutouliza hakuwasaidii sana. Mkataba wenu karibu hakika una kifungu kinachosema kunyamaza kwa benki si kuacha haki yake. Na kubadili njia bila kusema, hasa kama ni robo ambazo uwiano ulikuwa unapanda, kutasomwa vibaya.

Ningefanya hivi. Cheti kionyeshe hesabu zote mbili wazi, 3.15 na akiba, 3.35 bila akiba, na mstari unaosema tafsiri ipi kampuni inaitumia na kwa nini. Barua iende leo au kesho, isingoje cheti. Iarifu kwamba kuna suala la tafsiri linaloweza kumaanisha kipimo hakikutimizwa, na iombe msamaha wa sharti kwa kadiri utakavyohitajika, bila kampuni kukiri. Wakurugenzi wawili wanaosaini waisome wenyewe. Sahihi yao inathibitisha ukweli wa hesabu.

Angalia pia kama mna haki ya wanahisa kuziba pengo.

#18 Rejesho_Kwanza

Kwa hiyo mtu analipa kila kitu kwa wakati halafu bado anaandika barua ya kuomba msamaha? Naanza kuutafuta mkataba wangu. Una kurasa nyingi kuliko nilivyokumbuka, na nimekuta ukurasa wa "ahadi za taarifa". Natakiwa kupeleka hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Sijawahi kupeleka hata mara moja na hakuna aliyenidai.

#19 Kalamu_Nyekundu

Peleka, ndugu yangu, pamoja na barua fupi. Zikikumbukwa siku unayoomba kuongezewa mkopo zitakugharimu zaidi ya leo.

#20 Daftari_Wazi

Haki ya kuziba pengo ipo. Wanahisa wanaweza kuingiza fedha ndani ya siku 15 za kazi tangu tarehe ya mwisho ya cheti, na zinahesabiwa kana kwamba zilikuwapo siku ya kipimo. Zinapunguza deni halisi tu, haziongezwi kwenye faida. Haitumiki robo mbili mfululizo. Mstari wa ankara za siku 90 pia upo, Bi Leja, na ankara zetu za namna hiyo zina jumla ya milioni 3 tu. Wauzaji hao wamelipwa leo, ila kwa 30 Septemba nitaziongeza kwenye deni. Uwiano bila akiba unakuwa 3.37.

Kwa 3.25, deni halisi la juu kabisa ni 634.7. Yaani pengo ni kama 23.3, kama akiba haihesabiwi.

#21 Kalamu_Nyekundu

Sasa usiitazame Septemba peke yake. Robo ya Oktoba hadi Desemba mwaka jana mlipata kiasi gani cha faida, na mwaka huu mnatarajia kiasi gani? Kwenye dirisha la miezi 12, robo ya zamani inatoka na mpya inaingia.

#22 Daftari_Wazi

Mwaka jana 61. Makadirio ya mwaka huu 54, mteja mmoja mkubwa amepunguza oda.

#23 Kalamu_Nyekundu

Basi faida ya miezi 12 itashuka kutoka 186 hadi 179. Pamoja na asilimia 5 ni kama 188. Kikomo cha deni halisi Desemba kinakuwa takriban 611. Kutoka 658 ya sasa mnahitaji kushusha 47 ndani ya robo moja, na rejesho la kawaida la Desemba halihesabiki kwa sababu ileile niliyoitaja ya ovadrafti.

Ndiyo maana nawasihi msitumie haki ya wanahisa sasa kwa 24 kisha mkose kuitumia Desemba, ambako shimo ni kubwa mara mbili. Ombeni msamaha wa Septemba na kulegezwa kikomo kwa robo tatu au nne, mkiambatisha makadirio ya fedha. Kwa kawaida benki itataka ada na huenda riba ipande kidogo. Fedha ya wanahisa iwekeni mezani kama sehemu ya mpango, na iwe hisa au mkopo wenye hati kama ile ya 60. Ikiingia kama mkopo wa kawaida, nayo itahesabiwa deni.

#24 Mizania_Safi

Ongezeni tarehe moja kwenye mazungumzo hayo: 31 Desemba, mwisho wa mwaka wenu. Hapa nina uhakika, nimekaa na wakaguzi juu ya jambo hili. Kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 1, sharti likikiukwa hadi benki ikawa na haki ya kudai mkopo papo hapo, mkopo wote unaandikwa kuwa deni la muda mfupi, hata kama benki itasamehe Januari kabla hesabu hazijapitishwa. Ridhaa lazima iwepo kufikia 31 Desemba, na iwape angalau miezi 12 mbele. Marekebisho yaliyoanza 1 Januari 2024 yameweka wazi kwamba kipimo cha tarehe ya mwisho wa mwaka kinahesabika hata kama cheti chake kinaandikwa Februari. Masharti ya robo zijazo hayabadili uainishaji, ila yale ya miezi 12 ijayo yanaelezwa kwenye maelezo ya hesabu, pamoja na dalili zozote za hatari ya kuyakiuka.

620 zikihamia muda mfupi, mkaguzi ataanza kuuliza kama kampuni itaendelea kuwapo. Na hesabu zenu zilizokaguliwa zina siku 120. Mjadala huo ukiwachelewesha, mnakiuka na sharti la taarifa.

#25 Bi_Leja

Na mikataba mingine muiangalie. Zile foroko mmepanga kwa nani? Aliyewapangishia anaweza kuwa na kifungu kinachosema mkikiuka kwa mkopeshaji mwingine mmekiuka na kwake.

#26 Daftari_Wazi

Nimeangalia, Bi Leja, upo kwenye mkataba wa foroko. Unahitaji mkopeshaji mwingine awe ametangaza kudai deni, kukiuka peke yake hakutoshi. Ghala halina.

Hali ilivyo jioni hii: mkurugenzi wa fedha ameacha mpango wa ovadrafti baada ya kuiona hesabu ya pande mbili. Tumesimamisha kuchota hadi benki ijibu, mishahara italipwa kutoka kwenye zile 110. Barua imeandikwa na mwanasheria wa kampuni kwa namna aliyoisema Wakili_Kando na imepokelewa benki. Afisa wetu amepiga simu, ameomba makadirio ya robo nne na orodha ya wadai kwa umri, na amesema kamati yao ya mikopo inakaa mara moja tu kabla ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo makadirio lazima yafike kwake kabla ya tarehe 20.

Kuhusu akiba ya 40, mwanasheria wetu anaegemea kwa Wakili, afisa wa benki ameegemea kwa Kalamu. Nimependekeza mkataba wa marekebisho uitaje akaunti hiyo kwa jina, ndani au nje.

#27 Wakili_Kando

Pendekezo zuri. Mkiandika, semeni pia kama inahusu vipimo vilivyopita. Vile vyeti viwili vya mwisho bado viko kwenye faili lao.

#28 Kalamu_Nyekundu

Na wakikubali kuihesabu, hakikisha kikomo kipya hakijashushwa kwa kimyakimya kufidia. Nimewahi kuona 3.25 ikirudi kama 3.00 kwenye rasimu ileile. Ukiipata rasimu, ipitie kwa namba za Desemba kwanza, kisha utuletee kilichobaki.